Riba isiyobadilika au inayobadilika? Jinsi ya kupima mkopo wako wa nyumba kabla riba haijapanda

Mwezi Mei 2022 riba ya msingi ya Benki Kuu ya Kenya, ile inayoitwa CBR, ilikuwa asilimia 7. Februari 2024 ilikuwa imefika 13. Kwa muda usiofika miaka miwili, watu waliokuwa na mikopo ya nyumba yenye riba inayobadilika walipokea barua baada ya barua kutoka benki, na wengi hawakuelewa barua zile zilikuwa zinawafanyia nini. Walichotazama ni rejesho la mwezi. Lisipopanda sana, walishukuru Mungu wakaendelea na shughuli zao.

Hapo ndipo watu wengi huumia bila kujua. Riba ikipanda na rejesho likabaki pale pale, deni halijakuhurumia: limeongezwa miaka. Na kuna kiwango fulani cha riba ambacho kikifikwa, rejesho lako lote linakwenda kwenye riba na nyumba hulipii tena hata senti. Kiwango hicho unaweza kukijua leo kwa kikokotoo cha simu. Mwongozo huu unahusu Kenya, kwa sababu sheria na viwango ninavyotaja ni vya huko, lakini hesabu zake hazibadiliki ukiwa Dar es Salaam au Kampala.

Hatua ya kwanza: tafuta neno linalosema riba yako ni ya aina gani

Chukua barua ya ofa, ile uliyosaini kabla ya mkopo kutolewa, usome kifungu cha riba polepole. Usitegemee maneno ya afisa wa mikopo. Kinachokufunga ni kilichoandikwa.

Riba isiyobadilika ni ile inayotajwa kwa tarakimu moja kwa kipindi kinachojulikana: asilimia 13.5 kwa miaka 20, kwa mfano. Iwe Benki Kuu imepandisha au imeshusha, rejesho lako halitikisiki. Riba inayobadilika huandikwa kwa sehemu mbili: kiwango cha rejea ambacho benki haikiamui peke yake, na nyongeza ya benki juu yake. Kwa mikopo mipya ya riba inayobadilika iliyotolewa Kenya tangu Septemba 2025, kiwango cha rejea ni KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hukopeshana shilingi kwa usiku mmoja. Nyongeza huitwa K, na ndani yake mna gharama za benki, faida ya wenye hisa, na hatari ambayo benki inaiona kwako wewe mkopaji. Mikopo ya zamani ya aina hiyo ilipewa hadi mwisho wa Februari 2026 kuhamia mfumo huo.

Tenganisha sehemu hizo mbili na uziandike. KESONIA huwezi kuizungumzia na benki yako, lakini K unaweza, hasa kabla ya kusaini. Benki zinatakiwa kuchapisha wastani wa K zao, kwa hiyo kabla ya kukubali asilimia 5 tazama benki nyingine zinatoza ngapi. Mtu mwenye mshahara unaopitia benki hiyo hiyo na rekodi safi ya madeni ana hoja ya kuomba K ipunguzwe.

Kuna aina ya tatu, na ndiyo inayowachanganya watu zaidi: riba isiyobadilika kwa miaka michache ya mwanzo, tuseme mitatu au mitano, halafu inabadilika hadi mwisho. Kwenye tangazo husomeka kama riba isiyobadilika. Kwenye barua ya ofa utaona sentensi inayoanza na maneno kama "baada ya kipindi hicho". Ukiiona, piga mstari chini yake, tutairudia.

Hatua ya pili: fahamu kwa nini mkopo mchanga ni dhaifu

Tuchukue mkopo wa mfano. Shilingi milioni 6, miaka 20, riba inayobadilika inayoanza na asilimia 12. Rejesho la mwezi ni shilingi 66,065.

Mwezi wa kwanza riba peke yake ni asilimia moja ya milioni 6, yaani shilingi 60,000. Kinachopunguza deni ni 6,065 tu. Mwezi wa pili deni limepungua kidogo, riba nayo inapungua kidogo, na hivyo hivyo. Baada ya miaka miwili kamili mkopaji huyu amelipa zaidi ya shilingi milioni 1.58, lakini salio lake ni 5,836,000. Deni limeshuka kwa takriban shilingi 164,000.

Benki haijamdanganya, hiyo ndiyo hesabu ya mkopo wowote wa muda mrefu. Lakini ina maana kwamba katika miaka ya mwanzo karibu rejesho lote ni riba, na nafasi iliyobaki kati ya rejesho na riba ni nyembamba mno. Riba ikipanda kidogo tu, nafasi hiyo inaliwa yote.

Hatua ya tatu: kokotoa kizingiti chako

Zidisha rejesho lako la mwezi kwa 12. Gawanya kwa salio la mkopo. Zidisha kwa 100. Jibu utakalopata ni kiwango cha riba ambacho rejesho lako la sasa litatosha kulipa riba tu, bila kupunguza deni hata shilingi moja.

Kwa mkopaji wetu baada ya miaka miwili: 66,065 mara 12 ni 792,780. Gawanya kwa 5,836,000, unapata asilimia 13.58. Analipa 12, kizingiti ni 13.58. Yaani ongezeko la pointi moja na nusu na ushei linatosha kumfanya alipe kila mwezi bila deni kusogea. Kumbuka CBR ilipanda pointi sita kati ya 2022 na 2024.

Sasa tazama kinachotokea akiwa bado hajafika kizingiti. Riba ipande kutoka 12 hadi 13, na benki imwambie, kama zinavyofanya nyingi, "rejesho lako litabaki lile lile, tutaongeza muda." Alikuwa amebakiza miaka 18. Kwa asilimia 13, kwa rejesho la 66,065, atahitaji miaka 24 na miezi minne. Pointi moja imemwongezea zaidi ya miaka sita. Ikifika asilimia 13.5, itakuwa karibu miaka 38. Ikipita 13.58, mkopo hauna mwisho, na riba isiyolipwa inaanza kuongezwa juu ya deni. Kwa asilimia 16, riba ya mwezi mmoja ni shilingi 77,800, huku yeye akilipa 66,065. Kila mwezi deni linakua kwa zaidi ya 11,700 ilhali hajachelewa malipo hata siku moja.

Ukitaka kujipimia, fungua Excel au Google Sheets kwenye simu au kompyuta. Hesabu ya miezi iliyobaki ni hii, ukiweka riba mpya, rejesho lenye alama ya kutoa, na salio:

```
=NPER(0.13/12, -66065, 5836000)
```

Utapata 292, ambayo ni miezi. Badilisha 0.13 iwe 0.14 na kompyuta itakujibu `#NUM!`. Hujakosea kuandika. Ni kwamba hakuna idadi ya miezi inayotosha kumaliza deni hilo kwa rejesho hilo.

Rejesho jipya linalotakiwa ili muda usiongezeke unalipata hivi:

```
=PMT(0.16/12, 216, -5836000)
```

Hapo 216 ni miezi iliyobaki. Jibu ni takriban 82,500.

Hatua ya nne: pima mfuko wako kwa pointi nne zaidi

Kabla ya kusaini mkopo wa riba inayobadilika, usiulize kama unaweza kulipa 66,065. Uliza kama unaweza kulipa 82,500 kwa mwaka mzima au miwili, watoto wakiwa shuleni na bei ya unga ikiwa imepanda, kwa sababu riba huwa inapandishwa wakati huo huo bei za vitu zinapopanda. Benki Kuu hupandisha riba ili kuutuliza mfumuko wa bei. Kwa hiyo mizigo hiyo miwili huja pamoja, na bajeti inayofaa ni ile inayoibeba yote miwili.

Walioajiriwa wana jambo jingine la kuangalia. Sheria ya Ajira ya Kenya hairuhusu makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kama mkopo wa chama cha akiba na mikopo, bima na makato mengine vimeshaijaza nafasi hiyo, nyongeza ya shilingi 16,000 kwenye rejesho la nyumba haitapata pa kukatwa kwenye hati ya mshahara. Itabidi uilipe mwenyewe kutoka kwenye kile kinachofika mkononi. Fanya hesabu hiyo kwa hati yako ya mshahara ya mwezi huu, usiifanye kwa kichwa.

Hatua ya tano: linganisha bei ya utulivu

Riba isiyobadilika kwa kawaida huanza juu zaidi, kwa sababu hatari ya kupanda inabebwa na benki, nayo haibebi bure. Kenya kuna mikopo ambayo haifuati kanuni hii: ile inayofadhiliwa kupitia KMRC, kampuni iliyoundwa mwaka 2018 kuzipa benki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu za nyumba. Hiyo hutolewa kwa riba isiyobadilika iliyo chini ya asilimia 10. Ina masharti kuhusu kiasi cha mkopo, lakini kama unafaa, sioni sababu ya mtu kutafuta kwingine. Uliza hilo kabla ya kuuliza chochote kingine.

Usipofaa, linganisha hivi. Tuseme benki inakupa milioni 6 ile ile kwa asilimia 12 inayobadilika, au 13.5 isiyobadilika kwa miaka yote 20. Rejesho la pili ni 72,440. Tofauti ni shilingi 6,375 kwa mwezi, na hiyo ndiyo bei ya utulivu. Baada ya miaka miwili umelipa 153,000 zaidi, na salio lako liko juu kwa kama 28,000. Riba ikikaa pale pale au ikashuka, fedha hizo zimekwenda. Ikipanda hadi 16, mwenzako anatakiwa kulipa 82,500 nawe bado unalipa 72,440. Unamwacha kwa shilingi 10,000 kila mwezi, na kwa mwaka mmoja na nusu hivi umerudisha gharama yako yote. Kwa maoni yangu, familia inayotegemea mshahara mmoja inapaswa kuilipa bei hiyo kama inaweza. Mfanyabiashara mwenye akiba ya kutosha kulipa sehemu kubwa ya deni wakati wowote anaweza kukaa na inayobadilika, kwa sababu ana njia ya kutokea.

Sasa turudi kwenye ile aina ya tatu, ya miaka michache kwanza. Watu huichukua wakidhani hatari iko mwanzoni tu. Kizingiti kinasema vingine. Mkopo wa mfano wetu, ukiwa kwenye asilimia 12, baada ya miaka mitano kizingiti chake ni asilimia 14.4. Baada ya miaka kumi ni 17.2. Ni baada ya miaka 15 ndipo kinafika karibu 27, na hapo kweli riba ikipanda haikuvunji. Maana yake, ulinzi wa miaka mitatu au mitano unaisha wakati mkopo bado ni dhaifu karibu sawa na siku ya kwanza. Ukichukua aina hiyo, uliza imeandikwa nini juu ya K itakayotumika baada ya kipindi hicho. Kama barua inasema riba itakuwa "kwa hiari ya benki" bila kutaja kiwango cha rejea, omba ibadilishwe kabla hujasaini.

Wanaokwepa riba kwa sababu ya dini wana murabaha, ambapo benki hununua nyumba na kukuuzia kwa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo. Rejesho lake halipandi. Lakini katika mkataba wa umiliki wa pamoja, ambapo unailipa benki kodi ya pango kwa sehemu yake ya nyumba, kodi hiyo inaweza kupitiwa upya kila kipindi. Swali la kizingiti linahusu huko pia.

Hatua ya sita: barua ya kupanda riba ikifika

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 84, inasema kwamba katika rehani yenye riba inayobadilika, benki lazima ikupe notisi ya maandishi ya angalau siku 30 kabla ya riba kubadilika, na iseme wazi riba mpya ni ngapi kwa namna inayoeleweka. Weka barua hiyo na bahasha yake. Kama umeona riba imepanda kwenye taarifa ya mkopo bila notisi, andika barua ukitaja kifungu hicho na uombe maelezo.

Katika siku hizo 30, andikia benki uombe mambo matatu tu: salio la leo, rejesho jipya kama muda haubadiliki, na tarehe mpya ya kumaliza kama rejesho halibadiliki. Jibu la tatu ndilo litakalokushtua, na ndilo ambalo mara nyingi halimo kwenye barua yao.

Kisha chagua. Njia bora ni kupandisha rejesho, hata kama si lote. Tazama tena riba ilipotoka 12 hadi 13. Kuulinda muda wa miaka 18 kulihitaji rejesho la 70,060, yaani shilingi 4,000 tu zaidi kwa mwezi. Aliyekataa 4,000 hizo akaacha muda uongezwe atalipa, hadi mwisho wa mkopo, zaidi ya shilingi milioni 4 juu ya yule aliyezikubali. Kama huwezi kupandisha rejesho lote linalotakiwa, hakikisha angalau linaipita riba ya mwezi, ili deni lisikue. Hapo kuongeza muda ni nafuu ya kupumulia, na uombe iandikwe kwamba itaangaliwa tena baada ya mwaka.

Kuhamia riba isiyobadilika wakati huo ni jambo la kupima kwa makini. Benki hupanga riba isiyobadilika kwa kuangalia hali ya siku hiyo, kwa hiyo anayekimbilia huko riba ikiwa kileleni hujifunga kileleni. Aliyefanya hivyo mapema mwaka 2024, CBR ikiwa 13, aliiona ikishuka kuanzia Agosti mwaka huo hadi 9 ilipofika Desemba 2025. Na kuhamia benki nyingine kuna gharama zake: mthamini, wakili wa pande zote mbili, kufuta rehani ya zamani na kusajili mpya, na ushuru wa stempu. Zijumlishe zote, ugawanye kwa unachookoa kwa mwezi, ujue zitakuchukua miezi mingapi kurudi.

Ukiona huwezi kulipa kabisa, nenda benki kabla hujachelewa, si baada ya miezi mitatu. Malimbikizo yakifika siku 90 mkopo unahesabiwa kuwa mbaya na jina lako linaripotiwa kwa taasisi za taarifa za mikopo. Kisheria, mkopaji akichelewa mwezi mmoja benki inaweza kumpa notisi ya miezi mitatu ya kulipa malimbikizo, halafu notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Baada ya hapo ni dalali. Muda huo ni mrefu kuliko watu wanavyodhani, na unatosha kupanga upya mkopo au kuiuza nyumba mwenyewe kwa bei ya soko, ambayo ni bora kuliko bei ya mnada.

Hatua ya saba: riba ikishuka, usishushe rejesho

Hapa panasahauliwa. Kwanza hakikisha imeshuka kweli kwako. Riba ya msingi ilipoanza kushuka mwaka 2024, benki nyingi zilichelewa kuwapunguzia wakopaji, hadi Benki Kuu ikazihimiza hadharani. Linganisha kiwango cha rejea cha mwezi huu pamoja na K yako na riba iliyo kwenye taarifa yako ya mkopo. Visipolingana, andika barua.

Ikishuka, benki itakupunguzia rejesho. Iombe isipunguze, bali ifupishe muda. Mkopaji wetu alipandishiwa hadi asilimia 16 akawa analipa 82,540 kwa mwaka mmoja na nusu. Riba ikarudi 13, akiwa na salio la 5,741,000 na miezi 198 mbele yake. Rejesho jipya lingekuwa 70,550. Lakini bajeti yake imeshazoea 82,540. Akiendelea kulipa hiyo, atamaliza kwa miezi 130 badala ya 198, na ataokoa zaidi ya shilingi milioni 3. Ombi hilo lipelekwe kwa maandishi, na taarifa ya mkopo ya mwezi unaofuata ikaguliwe kuona kwamba fedha za ziada zimeingizwa kwenye deni lenyewe, hazijawekwa kando kama malipo ya mwezi ujao.